Namna ya Kumpata Mbuzi Mwenye Miguu Sahihi kwenye Picha za Akili Mnemba

Programu za akili mnemba zinazochora picha kutokana na maandishi, kama Stable Diffusion, huweza kutoa mbuzi mwenye manyoya ya kupendeza lakini mwenye miguu mitano. Kisa ni kwamba programu hizo hazihesabu. Huanza na chengachenga tupu, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na picha zilizofunzwa nazo. Katika nyingi ya picha hizo mbuzi wako kundini, miguu imepishana au imezama majanini. Programu hujifunza kwamba chini ya tumbo kuna miguu, bila kushika idadi yake.

Kwa hiyo kuandika tu “miguu minne” hakutoshi. Kinachosaidia zaidi ni kutaja mkao unaouacha kila mguu wazi:

```
Mbuzi mmoja amesimama, anaonekana kwa ubavu,
mwili mzima mpaka kwato, miguu minne imeachana,
ardhi tupu yenye nyasi fupi
```

Kuongeza “usichore mguu wa tano” huweza kuleta madhara, kwa kuwa mguu wa tano umeshatajwa. Palipo na kisanduku cha `Negative prompt`, humo ndimo huandikwa “miguu ya ziada”. Programu nyingi huelewa Kiingereza vizuri zaidi, hivyo maelekezo yakipuuzwa, yafaa kutafsiriwa.

Mkunjo wa miguu huhitaji jicho kali zaidi. Katika mguu wa mbele, kiwiko kiko juu, karibu na kifua. Kiungo cha katikati kinachoitwa goti kwa hakika ni kifundo cha mkono. Mbuzi akiinua mguu, goti hilo hutangulia mbele na kwato hukunjwa nyuma. Katika mguu wa nyuma, goti halisi limejificha karibu na tumbo, na kiungo kinachoonekana katikati ni kisigino, ambacho ncha yake huelekea nyuma. Kosa la kawaida ni kuuchora mguu wa nyuma kama wa mbele, au kuunyoosha wima kutoka nyonga hadi ardhini.

Ukaguzi huanzia chini. Kila kwato, ambayo hugawanyika vidole viwili, hufuatwa kwenda juu mpaka begani au nyongani. Mguu usiofika popote ni wa ziada. Ukiwa mmoja tu ndio umeharibika, hufunikwa kwa brashi na sehemu hiyo pekee huchorwa upya. Ni vyema kufunika mpaka nyongani ili kiungo kipya kishikamane na mwili.

Kwa mbuzi anayekimbia, aliyelala au anayenyonyesha, maneno mara nyingi hushindwa kwa sababu miguu hufunikana. Hapo hutumika picha halisi ya mbuzi katika mkao huo, na nyongeza kama ControlNet huifanya programu ifuate mistari ya mwili wake.