Mkeka Ulioshinda Hauthibitishi Ujuzi

Kijiweni anayesikilizwa ni yule aliyeshinda wiki hii. Akionyesha kwamba kapatia mechi 13 kati ya 20, watu wanaanza kumwomba mikeka. Lakini chukua watu 100 wasiojua lolote kuhusu mpira, kila mmoja abashiri mara 20 kwa kurusha sarafu. Kwa hesabu, kama 13 kati yao watapatia mara 13 au zaidi. Hao ndio tutakaowasikia; wengine watanyamaza.

Matokeo ya mechi yanayumba mno. Hata mjuzi wa kweli, anayepata wastani wa shilingi 3 kwa kila 100 anazoweka kwa odi ya 2.00, anahitaji dau zaidi ya 4,000 kabla faida yake haijaachana waziwazi na bahati.

Kwa hiyo wazoefu hutazama kitu kingine: odi uliyoichukua, ikilinganishwa na odi ya mwisho kabla mpira haujaanza. Mwanzoni mwa wiki odi ni makadirio ya kampuni. Baadaye zinakuja habari za majeruhi, vikosi vinatangazwa, wenye mitaji wanaweka fedha nyingi, na kila mara odi inasogezwa. Ile ya mwisho ndiyo iliyobeba habari nyingi kuliko zote.

Tuseme Jumanne ulichukua zaidi ya mabao 2.5 kwa odi 2.10. Jumamosi, mechi inapoanza, imeshuka hadi 1.90, na chini ya mabao 2.5 ni 2.00. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata 0.526 na 0.500, jumla 1.026. Ile 0.026 inayozidi ni pato la kampuni. Ili kuliondoa, gawanya 0.526 kwa 1.026; uwezekano wa mabao hayo ni kama asilimia 51.3, sawa na odi ya 1.95. Wewe ulipata 2.10, karibu asilimia 8 juu yake. Hata mechi ikiisha bila bao, ulichukua odi nzuri. Na aliyechukua 1.80 akashinda, alilipwa pungufu ya alichostahili.

Kipimo hiki hakisubiri maelfu ya mechi, kwa sababu tofauti za odi haziyumbi kama matokeo. Ukiipiga odi ya mwisho mara kwa mara katika dau mia moja hivi, dalili ya ujuzi imeanza kuonekana.

Kina mipaka yake. Linganisha na kampuni inayopokea dau kubwa na kutoza pato dogo, na katika ligi kubwa. Kwenye ligi ndogo fedha ni chache, hivyo odi ya mwisho nayo inaweza kukosea. Andika kila dau, hata yale ambayo odi yake ilipanda baada ya wewe kuweka. Na anayekuuzia mikeka, mwombe orodha yenye odi na saa alizoweka. Akileta picha za ushindi tu, bado hajakuonyesha ujuzi wowote.