Kichwa Kimoja Kati ya Thelathini

Kijana ameanguka na bodaboda jioni, akapelekwa hospitali na kupigwa skani ya kichwa. Asubuhi yake kaka mtu anakabidhiwa bahasha kubwa yenye filamu. Anaiinua kuelekea dirishani, anaona vichwa vidogo vidogo vimepangwa kama stempu, kila kimoja kimekatwa juu kidogo au chini kidogo ya mwenzake. Anachagua kile kinachoonekana vizuri zaidi, chenye mistari ya mifupa iliyochongoka, anakipiga picha kwa simu na kukituma kwenye programu ya akili mnemba ili ajue kama kuna damu iliyovujia ndani. Anachopata ni maneno ya kusitasita: huenda, haiwezekani kuthibitisha, amwone daktari.

Mtu mwenye mgonjwa wodini hukasirishwa na jibu la namna hiyo, na ana haki. Lakini kusitasita huko kuna sababu, na ya kwanza imo ndani ya ile filamu yenyewe.

Mashine ya CT haifanyi kazi kama kamera. Huzungusha eksirei pande zote za kichwa, kisha hukokotoa kila nukta ya ndani inazuia mionzi kwa kiasi gani, na kila nukta hupewa namba. Vipimo hivyo vinaitwa Hounsfield, jina la mhandisi Mwingereza aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979 kwa kazi hiyo. Maji ni 0, hewa ni chini ya sifuri kwa 1000, mfupa mgumu unaweza kupita 1000. Ubongo uko kati ya 30 na 40, na damu iliyoganda muda si mrefu huwa kama 60 au 70. Kwa hiyo, katika ngazi ndefu inayovuka elfu mbili, habari yote anayoitafuta yule kaka imejificha katika tofauti ya namba 30 hivi.

Jicho la mtu haliwezi kutenganisha elfu mbili za kijivu, na skrini ya kawaida huonyesha ngazi 256 tu. Ndiyo maana mtaalamu wa radiolojia huchagua kipande cha namba cha kutazama, anachokiita dirisha. Dirisha la ubongo huanzia 0 na kuishia 80: namba 80 zinagawana ngazi zote 256, na ile tofauti ya 30 inapata takriban ngazi 96. Damu inang'aa, hata mwanafunzi anaiona. Dirisha la mfupa ni pana, tuseme namba 2000. Hapo tofauti ileile ya 30 inapata ngazi nne hivi. Ubongo na damu vinakuwa kijivu kimoja.

Sasa rudi kwa yule kaka. Alichagua picha yenye mistari ya mifupa iliyochongoka. Kwa maneno mengine, karibu bila shaka alichagua picha ya dirisha la mfupa, ambayo ni nzuri kwa kutafuta ufa kwenye fuvu na haifai kabisa kwa swali alilokuwa nalo. Zile ngazi nne zilizobaki zimepita kwenye mwanga wa dirisha, kivuli cha mkono wake, na kubanwa kwa faili wakati wa kutumwa. Hazikufika. Na hata angechagua dirisha la ubongo, alituma kichwa kimoja. Kwa vipande vya unene wa milimita 5, skani ya kichwa huwa na vipande kama thelathini, na utando mwembamba wa damu chini ya fuvu unaweza kuonekana katika vitatu au vinne tu kati ya hivyo.

Sababu ya pili iko upande wa modeli. Modeli za jumla hujifunza kwa kuona mamilioni ya picha zikiwa pamoja na maneno. Picha za hospitali zinazopatikana hadharani mara nyingi ni zile zilizochaguliwa kufundishia, ugonjwa ukiwa umeiva na kuonekana waziwazi. Hivyo modeli huzoea kuandika sentensi inayofanana na zile zinazoandamana na picha za aina hiyo, na inaweza kuiandika kwa ufasaha kamili bila kuona kitu. Hata programu zilizofundishwa kwa kazi moja tu zimewahi kujidanganya. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba programu ya kutambua nimonia kwenye eksirei za kifua ilikuwa imejua pia kutambua picha imetoka hospitali gani, ikatumia hilo kukisia ugonjwa, kwa kuwa hospitali nyingine zilikuwa na wagonjwa wengi zaidi. Ilipopelekewa picha za hospitali ngeni, mara nyingi ilishuka kiwango.

Hiyo haina maana kwamba kompyuta haisomi picha za tiba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu maalumu za kusoma eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Lakini programu hizo hupokea faili la dijitali kutoka kwenye mashine, hujibu swali moja, zimepimwa kwa swali hilo, na mtu anayeshukiwa bado hupimwa makohozi. Picha ya simu iliyoingizwa kwenye modeli ya jumla haina hata kimoja kati ya hayo.

Je, modeli ifanye nini basi? Kwa maoni yangu, kumwambia mtu amwone daktari na kunyamaza hapo ni uzembe. Yule kaka ametoka kwa daktari. Jibu la haki lingemweleza kwamba hiki ni kipande kimoja cha skani ya kichwa, kwamba kinaonekana kuwa katika dirisha la mfupa, na kwa sababu hiyo hakiwezi kuonyesha kama kuna damu au hakuna. Lingemwambia upande wa kushoto wa mgonjwa huonekana kulia kwa mtazamaji, asije akadhani wamepiga kichwa cha mtu mwingine. Lingemkumbusha kufuta jina na namba ya mgonjwa zilizoandikwa pembeni. Kisha lingemwomba kitu chenye thamani kuliko filamu: ripoti ya maandishi.

Hapo modeli inaweza kusaidia kweli, kwa sababu maneno hayapotezi ngazi za kijivu. Ripoti ikisema hakuna damu nje ya mishipa, au sehemu za kati za ubongo hazijasogea, inaweza kueleza kila kirai kwa Kiswahili cha nyumbani na kumsaidia kaka kuandika maswali matatu ya kumpelekea daktari wakati wa raundi. Mojawapo liwe la kurudia skani, kwa kuwa picha ya saa ya kwanza inaweza kuwa safi na damu ikajikusanya baadaye.

Kuna mambo ambayo hayasubiri picha yoyote. Kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, degedege, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji maangavu yakitoka puani au sikioni: mojawapo likitokea mgonjwa akiwa nyumbani, arudishwe hospitali saa hiyohiyo. Modeli inapaswa kulisema hili bila kusitasita hata kidogo.

Na yule kaka asilazimishe. Watu wengi hurudia swali mara ya tatu, ya nne, wakiomba makisio tu, na modeli huwa na tabia ya kulegea na kumpa mtu anachokitaka. Jibu la mara ya nne limetoka kwenye picha ileile, na zile ngazi hazikurudi. Afadhali ashuke hadi dirisha la majibu la idara ya mionzi, aombe nakala ya ripoti, na kama wanatoa, diski yenye faili za DICOM, ambamo vipande vyote thelathini vipo na namba zake zote.