Septemba isitukute mikono mitupu: kalenda ya malipo ya mwaka

Kila Septemba, sisi wachimbaji tunapokea simu moja ile ile kutoka nyumbani: "Batoto banawafukuza ku masomo." Huku kwenye kare shimo limejaa maji ya mvua, motopompe imezima, na mwenye duka anakopesha kwa bei yake. Lakini minervali haikuja kwa gafula. Tangu Januari tulijua itakuja. Kitu tulikosa ni karatasi.

Tuchukue jamaa moja ya hapa Kasha, baba krezere, mama analima na kuuza. Wana watoto wawili sekondere. Masomo ya msingi ya serikali hayalipishwi tangu 2019, lakini sekondere inalipwa. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu, kila mutu aandike zake. Kwenye kaye, wanaandika kila malipo yenye tarehe: Januari minervali ya transhi ya pili, dola 60; Machi karte ya mchimbaji, bote na toroshi, 60; Aprili transhi ya tatu, 60; Agosti mabati na misumari mbele ya mvua, 60; Septemba transhi ya kwanza, yunifomu na makaye, 180; Desemba nguo na chakula cha sikukuu, 60. Karte isisahauliwe: kufuatana na sheria ya migodi inadumu mwaka moja tu, kisha sherti kuifanya upya.

Jumla ni dola 480. Tukigawa kwa miezi 12, ni dola 40 kila mwezi. Wengi wanaishia hapo, na hapo njo kosa linaanzia.

Tufuate mwezi kwa mwezi. Januari wanaweka 40, lakini transhi inaomba 60: tayari wamepungukiwa 20. Kufika mwisho wa Agosti mambo yametulia, kisanduku kina 80. Septemba wanaongeza 40, inakuwa 120, lakini masomo yanaomba 180. Wamepungukiwa 60, hata kama hawakuruka mwezi hata moja. Hesabu ya 40 si ya uongo. Malipo njo yanakuja mbele ya feza.

Dawa yake ni hii: pembeni ya kila mwezi andika kinachobaki, kisha tafuta mwezi wenye upungufu mukubwa kupita yote. Kwa jamaa hii ni Septemba, dola 60. Hiyo 60 njo feza ya mwanzo, inawekwa mara moja tu, siku ya uzalishaji muzuri, mbele ya kuanza. Wakifanya vile, Septemba kisanduku kinafika sifuri bila deni, na mwisho wa Desemba ile 60 iko ndani tena, inangojea mwaka mupya. Mwenye kuanza katikati ya mwaka bila feza ya mwanzo asigawe kwa 12. Akianza Mei, minervali ya Septemba aigawe kwa miezi 5 iliyobaki.

Kilio na ugonjwa havina tarehe. Hapo tunaangalia nyuma: miaka 3 iliyopita vilikula ngapi? Kama ni dola 360, kila mwaka ni 120, kila mwezi 10. Iwe mfuko wake peke yake. Vikichanganywa, kilio cha Juni kitakula minervali na hakuna atakayeona mupaka Septemba.

Mutu atasema: "Mie sipate mushahara wa mwezi, nitaweka 40 gani?" Ni kweli. Kwa hiyo tunahesabu miezi, hatuhesabu tarehe. Siku tunagawana kisha kuuza, sehemu ya kisanduku inatoka kwanza, mbele ya deni la bia. Shimo likitoa muzuri, weka 120 na utie alama kwa miezi 3. Shimo likifungwa, hiyo miezi imekwisha kulipwa.

Feza isilale kwenye kare. Itumwe nyumbani kwa mwenye kushika kaye. Kama masomo yanadai dola, tuweke dola, juu franga inaweza kushuka mbele ya Septemba. Na tuangalie noti: yenye kupasuka hata kidogo, watu wanaikataa. Wenye likirimba waombe zamu ya Agosti. Wenye kikundi cha akiba waulize mbele ya kuingia: mgawanyo wa mwisho uko mwezi gani? Ukianguka Oktoba, hautasaidia masomo.

Na kila Septemba, siku ya kulipa, tuandike bei mupya kwenye kaye palepale. Kalenda yenye bei za mwaka jana inadanganya mwenyewe.