Kutoka Slaidi za Warsha hadi Waraka Mmoja wa Mwalimu: Mfano wa Ngeli za Kiswahili katika Eneo la Hima na Bwera

Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo unawahitaji walimu waliofunzwa, na mafunzo hayo mara nyingi huja kwa njia ya warsha fupi. Makala haya yanaeleza jinsi slaidi za warsha ya namna hiyo zinavyoweza kuunganishwa kuwa waraka mmoja ambao mshiriki atabaki nao. Mfano unaotumika ni wa kubuni: warsha ya siku tatu mjini Hima, wilayani Kasese, inayowahusu walimu wanaotoka hadi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Kuna mawasilisho manne kila siku, yenye slaidi zipatazo 25 kila moja. Jumla ni slaidi 300.

Kukusanya bila kupoteza maelezo

Slaidi ni kikumbusho cha msemaji. Sehemu kubwa ya maana hubaki katika maneno yake, na pengine katika maelezo aliyoyaandika chini ya slaidi. Kwa hiyo mkusanyaji huomba faili zenyewe, si nakala za PDF, kabla wawezeshaji hawajaondoka ukumbini. Katika PowerPoint, amri ya `Create Handouts` iliyo chini ya `File` na `Export` huhamishia slaidi kwenye Word. Chaguo la `Notes next to slides` huyaweka maelezo ya msemaji kando ya kila slaidi. Chaguo la `Outline only` hutoa faili nyepesi, lakini huacha maneno yaliyoandikwa ndani ya visanduku vilivyoongezwa, majedwali na picha. Dalili ya upungufu huo ni kichwa cha slaidi kisichofuatwa na kitu.

Kupanga kwa swali, si kwa siku

Waraka unaofuata mpangilio wa siku huficha migongano. Tuseme siku ya kwanza slaidi moja inasema: «kijana: ngeli ya KI-VI». Siku ya tatu nyingine inasema: «kijana: ngeli ya A-WA». Ukumbini hakuna aliyekosea. Mwezeshaji wa kwanza aliainisha nomino kwa umbo lake, kwani kijana na vijana hubeba viambishi vilevile vya kiti na viti. Wa pili aliainisha kwa upatanisho wa kisarufi, kwani husemwa «kijana anasoma», si «kijana kinasoma». Kila mmoja alieleza kigezo chake kwa mdomo, na maelezo hayo hayakuingia katika slaidi. Mwalimu atakayebaki na slaidi mbili tupu anaweza kumkosoa mwanafunzi aliyejibu sawasawa.

Slaidi zote zinazojibu swali moja, kwa mfano «nomino hii ni ya ngeli gani?», zikiwekwa pamoja, mgongano huonekana mara moja. Mkusanyaji hapaswi kuuamua peke yake wala kufuta slaidi moja kimyakimya. Huwapelekea wawezeshaji wote wawili aya fupi ya kuthibitisha, kama hii:

«Kwa kigezo cha umbo, kijana ni wa KI-VI, kwa kigezo cha upatanisho, ni wa A-WA. Swali la mtihani litaje kigezo kinachotakiwa.»

Tatizo la pili ni majina. Mwezeshaji mmoja hutumia namba, mwingine hutumia viambishi. Jedwali dogo la ulinganisho latosha: 1/2 ni A-WA, 3/4 ni U-I, 5/6 ni LI-YA, 7/8 ni KI-VI, 9/10 ni I-ZI. Baada ya jedwali hilo, waraka mzima hutumia mfumo mmoja tu.

Kuandaa kwa karatasi na kwa simu

Waraka utanakiliwa kwa rangi nyeusi. Sentensi yenye kosa iliyotiwa rangi nyekundu katika slaidi itafanana na iliyo sahihi, na msomaji atajifunza kosa. Kila sentensi ya namna hiyo iwekewe alama ya nyota mwanzoni: *kijana kinasoma. Picha za mapambo ziondolewe, maana huongeza uzito wa faili inayotumwa kwa simu.

Hitimisho

Slaidi 300 za mfano huu zaweza kubaki kurasa 12, yaani karatasi sita zilizochapwa pande mbili. Kipimo cha waraka ni mwalimu ambaye hakuhudhuria. Apewe nomino tano, kijana ikiwa mojawapo, aziainishe kwa kutumia waraka pekee. Akilazimika kuuliza «mwezeshaji alimaanisha nini?», aya hiyo bado ni slaidi, na inahitaji kuandikwa upya.