Banki imekata ngapi? Pima konti ya koperative kwa karatasi yake ya bei

Katika koperative za mpunga na karanga tunazozitembelea huku Kasongo na Kabambare, lalamiko moja linarudi kila tunapofungua daftari la mtunza feza: konti ililala mwezi mzima, hakuna aliyeweka wala aliyetoa, na bado feza zimepungua. Memba wanamtazama mtunza feza. Mtunza feza anasema ni banki. Na banki, ukifika gishe na mdomo mtupu, itakujibu kwamba ndivyo mashine ilivyokata.

Kumbe jibu la kweli liko kwenye karatasi ambayo banki yenyewe imeitoa. Kila banki ina orodha ya bei za kazi zake: kutunza konti, kutoa feza, kutuma feza, kutoa taarifa ya konti, ujumbe wa telefone. Mara nyingi imebandikwa ukutani kwenye ajansi au iko kwenye ukurasa wa banki wa internet. Iombeni, muipige fotokopi, na mtazame tarehe iliyo juu yake. Makato ya mwezi wa 3 hayapimwi kwa orodha iliyoanza mwezi wa 7. Kama banki ilibadilisha bei katikati ya mwaka, mnahitaji karatasi zote mbili.

Pamoja na orodha hiyo, chukueni taarifa ya konti ya miezi yote mnayotaka kupima, na mkataba mliotia sahihi siku ya kufungua konti. Mkataba huo watu wengi wanausahau kwenye sanduku, na ndani yake ndimo kumeandikwa banki iliwaweka kwenye kundi gani la wateja.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni zetu za kufundishia, hazikutoka kwa banki yoyote. Koperative ina konti ya dola. Kwenye taarifa, kila mwisho wa mwezi kuna mstari FRAIS DE TENUE DE COMPTE, yaani malipo ya kutunza konti, dola 17,40. Orodha ya banki, kwenye mstari huo huo, inasema dola 10 kwa mashirika na koperative, dola 15 kwa makampuni.

Mtu wa haraka atapiga kelele: wametuibia dola 7,40! Hapana, ngoja kwanza. Pembeni ya bei, au chini kabisa kwa maandishi madogo, tafuta herufi HT au TTC. HT maana yake kodi haijaingia. TTC maana yake imekwisha kuingia. Kodi yenyewe ni TVA, nayo ni 16 kwa mia. Kama orodha ni ya HT, dola 10 inaongezwa 1,60 na kuwa 11,60. Sasa fanya hesabu hiyo kwa dola 15: kodi yake ni 2,40, jumla 17,40. Ndiyo ile namba ya kwenye taarifa, bila kupungua hata senti. Kwa hiyo tumejua kitu kikubwa kuliko kusema “wamekata nyingi”: tumejua kwamba konti imeandikwa kwenye safu ya makampuni. Tofauti ya haki ni dola 5,80 kwa mwezi. Kuanzia mwezi wa 1 hadi wa 9, ni dola 52,20.

Kosa la namna hii linaeleweka. Koperative ina sheria yake, ile ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo nchi yetu iliingia ndani yake mwaka 2012. Si shirika lisilo la faida, na si kampuni kama duka la mfanyabiashara. Anayefungua konti kwenye mashine ana visanduku vichache vya kuchagua, anabonyeza kimoja, basi. Lakini hapa kuna mpaka: ikiwa orodha haitaji koperative mahali popote, na mkataba mliotia sahihi unasema “kampuni”, banki haikukosea. Mnaweza kuomba kuhamishwa safu kuanzia sasa, ila feza za nyuma ni vigumu kuzidai.

Kuna makato mengine yanayouma na ambayo ni halali. Tuseme orodha inasema kutoa feza ni nusu kwa mia, lakini si chini ya dola 5. Ukitoa dola 400, nusu kwa mia ni dola 2 tu, lakini banki itakata 5, na kodi yake inakuwa 5,80. Wakati wa kununua mpunga, mtunza feza anayetoa dola 400 mara sita analipa 34,80. Angetoa dola 2.400 kwa mara moja, nusu kwa mia ni 12, pamoja na kodi 13,92. Hilo halidaiwi kwa barua, linapangwa kwenye kikao. Na si kila mtu atakubali kubeba dola 2.400 kwenye pikipiki kutoka Kasongo hadi Kabambare. Hapo kila koperative ijipimie.

Kama konti ni ya franga na orodha ni ya dola, usipime kwa bei ya cambisti wa sokoni. Uliza banki ilitumia bei gani ya kubadilisha siku ile ya kukata, kisha uzidishe.

Tofauti ikibaki baada ya hayo yote, andikeni barua. Sisi tunashauri iwe ya Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya makaratasi ya banki, na isizidi ukurasa mmoja: namba ya konti, tarehe ya kila makato, kiasi kilichokatwa, kiasi kinachosomwa kwenye orodha na tarehe ya orodha hiyo, tofauti, jumla. Malizeni kwa kuomba mambo mawili, kurudishiwa jumla hiyo na kurekebishiwa safu. Watie sahihi wale wale wanaotambuliwa na banki kwenye konti. Neno “wizi” liacheni nyumbani. Linamfanya mkubwa wa ajansi ajitetee badala ya kufungua mashine.

Pelekeni barua mbili zinazofanana. Moja inabaki banki, nyingine inarudi na kashe na tarehe ya kupokelewa. Bila kashe hiyo hamna kitu mkononi. Wala msichelewe: mikataba mingi ina mstari unaosema kwamba mteja asipopinga taarifa ya konti ndani ya siku fulani, amehesabiwa kuwa ameikubali. Someni wa kwenu unasema siku ngapi. Ajansi isipojibu, barua ya pili inaenda kwenye makao makuu ya banki, na nakala ya ile yenye kashe. Baada ya hapo kuna Banki Kuu ya Kongo, ambayo ndiyo inayosimamia mabanki yote.

Feza zikirudi, tazameni ni ngapi. Katika mfano wetu, banki ikirudisha dola 45, imerudisha tano tano za miezi tisa na kuiacha kodi ya 7,20 iliyokatwa juu yake. Mwisho wa mwezi unaofuata chukueni taarifa tena na mtafute ule mstari wa kutunza konti. Ukisoma 11,60, safu imebadilishwa. Ukisoma 17,40, walirudisha feza bila kugusa mashine, na barua ile ile inarudi gishe ikiwa na mwezi mmoja zaidi.