Urukususu: Dawa ya Koo Inayopandisha Presha

Koo likiwasha, wapenzi wa tiba za mimea hutumia zaidi seji, thaimu na urukususu, ule mzizi mtamu wenye nyuzi za manjano. Yote mitatu hupunguza maumivu kwa muda, lakini kuna tofauti kubwa kati ya dawa unayosukutua ukaitema na ile unayoimeza.

Seji ni ya kusukutua. Weka gramu 2.5 za majani makavu, takriban vijiko viwili vya chai, katika mililita 100 za maji yaliyochemka. Funika kwa dakika kumi, kwani mafuta yake yenye harufu hupotea na mvuke. Chuja, acha iwe vuguvugu, sukutua koo, kisha tema. Rudia mara tatu kwa siku. Thaimu huandaliwa vivyo hivyo, ila hii hunywewa: gramu moja au mbili kwa kikombe. Mjamzito asinywe chai ya seji, kwa sababu ina thujoni, kemikali yenye sumu ikizidi.

Urukususu nao husukutuliwa. Hospitalini, wagonjwa wamewahi kusukutuliwa maji yake kabla ya upasuaji ili mpira wa kupumulia usiwaachie maumivu ya koo. Kwa kuwa hutemwa, kinachoingia mwilini ni kidogo. Taabu huanza unapokunywa chai yake kila siku.

Utamu wa mzizi huu hutokana na glisirizini. Mwilini tuna homoni iitwayo kotisoli, ambayo ingeweza kuziamuru figo zizuie chumvi. Kwa kawaida figo huilemaza kwa kimeng'enya maalumu. Glisirizini ikishayeyushwa tumboni humzuia mlinzi huyo asifanye kazi. Basi figo hubakiza chumvi na maji, presha hupanda, na potasiamu hupotea kwenye mkojo. Potasiamu ikipungua sana, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika.

Mwaka 2019, jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada lilieleza habari za mzee wa miaka 84 aliyekuwa akinywa glasi moja au mbili za urukususu wa kutengeneza nyumbani kila siku kwa wiki mbili. Alikuwa na historia ya presha. Akaumwa kichwa na kifua, miguu ikavimba, na kipimo cha juu cha presha kikafika kati ya 180 na 210. Alitibiwa, akaacha kinywaji kile, akapata nafuu.

Kwa hiyo mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, mjamzito, na anayetumia vidonge vya kukojoza maji asinywe chai hii. Wengine wanaoinywa wakiona uvimbe wa miguu, udhaifu wa misuli au moyo kwenda mbio, waache na wakapime presha na potasiamu, wakimweleza daktari walichokuwa wakinywa.

Na koo linalouma pamoja na homa na tezi za shingo zilizovimba, bila kikohozi, lipimwe: huenda ni bakteria wanaohitaji antibiotiki, na hapo chai yoyote haitoshi.