Kucheza na Kuchezacheza

Mtangazaji wa mpira akisema timu "ilicheza, ikacheza, ikacheza mpaka dakika ya tisini", mashabiki wake hutoka uwanjani kifua mbele. Akisema "ilichezacheza tu", hakuna shabiki atakayemshukuru. Kitenzi ni kilekile na mara zote mbili kimerudiwa. Kwa nini basi kurudia kwa kwanza kumeongeza uzito wa tendo na kwa pili kumeupunguza?

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno, hata na walimu. "Alitembea, alitembea, alitembea" ni takriri: neno zima linarudiwa pamoja na viambishi vyake vya mwanzo, na msimulizi anaweza kuendelea hata mara sita akivuta sauti, kwa kuwa safari ni ndefu. "Alitembeatembea" ni uradidi. Hapa kiambishi cha nafsi na cha wakati vimekuja mara moja, shina peke yake ndilo limerudiwa, na limerudiwa mara moja basi. Ukisema "alitembeatembeatembea", watu watacheka. Mkazo nao unakuonyesha kwamba hili limekuwa neno moja: unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno lote. Kiambishi cha mtendwa kinafuata sheria hiyohiyo. Tunasema "alimpigapiga mtoto mgongoni", na ile "m" haiji mara mbili. Viambishi vya mwisho, kinyume chake, husafiri na shina: abiria "walisukumwasukumwa" mlangoni mwa basi.

Shina linalorudiwa linadai pia urefu fulani. Kitenzi "-la" kina silabi moja. Tungekirudia kilivyo tungepata "analala", na mlaji wetu angekuwa amekwisha sinzia. Kiswahili kinajiokoa kwa ile "ku" inayobebwa na vitenzi vifupi: "anakulakula", "amekunywakunywa". Jamaa zetu Wandebele wa Zimbabwe wana shida hiyohiyo na dawa tofauti. Kwao kula ni "-dla", na uradidi wake ni "-dlayidla": wamechomeka "yi" katikati ili kipande cha mbele kifikie silabi mbili. Penye shina refu, wao hukata. "-limela", yaani kulimia, inakuwa "-limelimela": silabi mbili za mwanzo tu ndizo zinazonakiliwa. Mswahili ananakili shina zima, "limialimia", hakati kitu.

Turudi kwenye maana. Wengi wakifikiri juu ya uradidi huona mantiki nyepesi: sauti ikizidi, maana nayo izidi. Mantiki hiyo inafaa kwa "haraka haraka" na "wawili wawili". Inakwama kwenye "chumvichumvi". Mchuzi wenye chumvichumvi haujazidi chumvi. Una dalili ya chumvi tu, na mpishi anayeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza kama aongeze maji au aache.

Wanaisimu Silvia Kouwenberg wa Chuo Kikuu cha West Indies kule Jamaika na Darlene LaCharité wa Chuo Kikuu cha Laval kule Kanada walikutana na fumbo hilo katika krioli za Karibi. Kwa Wajamaika, "yala" ni njano, na "yala-yala" ni kitu chenye unjano-unjano. Maelezo yao ni kwamba maana ya kupungua haikuanza kama kupungua. Ilianza kama kutawanyika: doa la njano hapa, doa la njano pale. Ukikitazama kitu cha namna hiyo kwa mbali huoni njano kamili, unaona kitu kinachokaribia njano. Wingi umekuwa mtawanyiko, na mtawanyiko umekuwa ukaribu.

Mimi naamini Kiswahili kinawaunga mkono kuliko hata krioli, kwa sababu sisi tumebaki na hatua zote za njia hiyo, kila moja inatumika. Anza na "mawemawe". Njia ya mawemawe ina mawe mengi, lakini yametapakaa. Katikati yake kuna udongo unaoweza kukanyaga. Ndivyo ilivyo kwa kitambaa cha madoadoa. Hapa bado tunahesabu vitu. Nenda kwenye "majimaji". Maji hayahesabiki, kwa hiyo shati lililo majimaji lina unyevu uliosambaa, halijakauka wala halichuruziki. Songa hadi "chumvichumvi", ambako hakuna tena chembe inayoonekana, imebaki ladha hafifu. Mwisho fika kwenye "nyekundunyekundu": rangi isiyo nyekundu hasa. Vitenzi vimepita njia hiyohiyo. Kutembeatembea ni kutembea kulikokatwa vipandevipande, huku na kule, bila kufika mahali. Tendo lililosambaratika hivyo huonekana halina nia, na hapo ndipo lawama ya "ilichezacheza tu" inapotoka. Ile "tu" wala haikuhitajika sana.

Je, msikilizaji anajuaje kama aongeze au apunguze? Kwa sifa, kipimo kizuri ni idadi ya kinachosifiwa. "Alikata nyama vipande vikubwavikubwa" kwa kawaida humaanisha kwamba kila kipande ni kikubwa: vipo vingi, sifa inagawiwa kwa kila kimoja. "Amejenga nyumba kubwakubwa hivi", nyumba ikiwa moja, humaanisha ina ukubwa wa kadiri. Penye kimoja hakuna wa kugawiwa, basi sifa yenyewe ndiyo inayochanwa na kupungua. Kipimo hiki hakishindi kila mahali. Sauti ya msemaji inaweza kukigeuza, na vielezi kama "polepole" vina mazoea yao.

Waindonesia wamepanga kazi hizi kwa utaratibu zaidi. Kwao "orang" ni mtu na "orang-orang" ni watu. Ukishataja idadi, uradidi hauhitajiki: watu watatu ni "tiga orang", kwani "tiga" imekwisha sema yote. Wanapotaka ukaribu badala ya wingi, huongeza viambishi, pande zote mbili au mwisho tu: "merah" ni nyekundu, "kemerah-merahan" ni yenye wekundu kidogo. "Mobil" ni gari, na "mobil-mobilan" ni gari la kuchezea watoto, kitu kinachofanana na gari. Kwa hiyo msikilizaji hahitaji kubahatisha. Walikuwa hata na njia fupi ya kuandika, "orang2", iliyozoeleka sana kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1972.

Si lazima neno zima lirudiwe. Kiilokano, lugha ya kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, hurudia silabi ya kwanza peke yake: mbuzi mmoja ni "kaldíng", wengi ni "kalkaldíng". Carl Rubino alipolinganisha lugha 368 kwa ajili ya atlasi ya miundo ya lugha za dunia, ni 55 tu zilizokosa uradidi hai, na nyingi za Ulaya magharibi ziko humo.

Jihadhari pia na maneno yanayofanana na uradidi bila kuwa uradidi. Pilipili si "pili" mara mbili; ni neno lililokuja na biashara ya bahari, likiwa hivyohivyo. Ukiondoa nusu ya neno na nusu inayobaki haina uhusiano wa maana na neno zima, liache, halina cha kuchambuliwa.

Kwa hiyo wewe unayefundisha Kiswahili kwa wageni, au unayetafsiri kutoka Kiswahili, usishike kanuni ya "likirudiwa, weka sana". Kwa kitenzi, tazama kwanza kama kiambishi cha mwanzo kimerudiwa pamoja na shina; kwa sifa, uliza kinachosifiwa ni kimoja au vingi. Mgonjwa akikuambia kichwa "kinaumauma", hajakuambia kinauma sana. Amekuambia maumivu yanakuja na kuondoka, na daktari anahitaji kusikia hivyo.